Si Hisani, ni Tangazo

Mpiga debe akikuita kituoni, "Mbagala, Mbagala, siti zipo," hujiulizi kama anasema hivyo kwa mapenzi yake. Unajua gari likijaa konda atampa chochote. Kelele zake, mahali aliposimama, kiganja chake kinachogonga bodi ya daladala, vyote vimekwisha kukueleza yuko upande gani. Siti kama zipo au hazipo utachungulia dirishani uamue mwenyewe.

Sasa mtoe mtu yuyo huyo pale mlangoni, umwingize ndani ya gari, umkalishe na begi mapajani kama abiria. Hasemi neno. Kazi yake ni kukaa tu ili wewe unayepita uone gari linakaribia kujaa, uingie haraka ukidhani mtaondoka sasa hivi. Aliyewahi kupanda matatu Nairobi anajua ninachozungumzia: unaingia, unalipa, kisha mmoja mmoja wale "abiria" wanashuka na unabaki peke yako nusu saa. Malipo ni yale yale na gari ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba wa kwanza ulimjua, wa pili hukumjua. Makala ya kulipiwa huandikwa na mmoja kati ya hawa wawili, na mwandishi huchagua awe nani kabla hajaandika sentensi ya kwanza.

Fiqhi ya Kiislamu ina jina la yule abiria wa uongo. Kitendo chake huitwa najshi: mtu kupandisha bei mnadani hali hana nia ya kununua, ili mnunuzi wa kweli ahadaike. Katika Kiarabu asili ya neno hilo ni ya uwindaji, kumkurupusha mnyama alikojificha ili aelekee kwa mwindaji. Katazo lake limo katika hadithi walizozipokea Bukhari na Muslim, na wanazuoni hawapingani kwamba ni haramu. Wanapopingana ni kuhusu kinachofuata. Kwa Wahanbali, mnunuzi aliyepunjwa sana kwa sababu ya najshi ana khiyari, yaani anaweza kuvunja biashara. Wamaliki nao wanampa khiyari hiyo ikiwa muuzaji alijua hila iliyokuwa ikifanyika. Ila kauli yenye nguvu kwa Mashafii, ambao ndio madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu, ni kwamba mauzo yamesimama. Dhambi iko kwa mwenye hila, lakini mnunuzi hana khiyari, maana alizembea: angewauliza wajuzi wa bidhaa kwanza.

Hoja hiyo ina uzito mnadani, mahali ambapo mbuzi amefungwa mbele yako na mjuzi wa mbuzi amesimama kando yako. Kwa msomaji aliyelala kitandani saa nne usiku na simu mkononi, naona haifai. Hawezi kulishika jiko analosifiwa, na huyo mjuzi ambaye angemuuliza ndiye mimi, mwandishi anayemsoma. Mjuzi akiwa ndiye mfanya najshi, uzembe wa mnunuzi uko wapi? Katika jambo hili naegemea kwa Wahanbali.

Jambo jingine katika fiqhi hiyo hupitwa kwa urahisi. Dalali hakukatazwa. Anasifu mali ya mwingine, anachukua ujira wake, na soko zima linajua kuwa anauchukua. Kusifu kwa malipo ni kazi halali. Kilichoharamishwa ni kusifu huku umejivika nguo za mnunuzi.

Wajerumani wamelifikisha wazo hilo mahali ambapo palinishangaza nilipopajua, nalo limetoka katika kesi ndogo ya magazeti mawili ya Stuttgart. Juni 2009, gazeti moja la bure lilichapa makala mawili ambayo kampuni zilikuwa zimeyalipia. Halikuficha. Chini ya kichwa liliweka nembo ya kampuni pamoja na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "imedhaminiwa na". Gazeti shindani likaenda mahakamani. Sheria ya magazeti ya jimbo la Baden-Württemberg, ya mwaka 1964, inasema mchapishaji aliyelipwa kwa ajili ya maandishi lazima ayawekee neno Anzeige, yaani tangazo, isipokuwa pale ambapo mpangilio wenyewe unaonyesha wazi kuwa ni tangazo. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo Oktoba 2013 ilisema sheria ya Ulaya inayohusu biashara danganyifu haimzuii Mjerumani kutumia kanuni yake kwa mchapishaji wa namna hiyo. Februari 2014 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikatoa uamuzi wake: udhamini si tangazo. Anayesoma "imedhaminiwa na" anaweza kuelewa kwamba kampuni imesaidia gharama za ukurasa na mwandishi kabaki huru. Haelewi kwamba makala yenyewe yamelipiwa. Neno lilitakiwa liwe Anzeige na halikuwepo.

Huenda mtu akaona ni ukali wa bure. Mimi naona mahakama ile ilisoma lugha kama mtu wa kawaida anavyoisoma. Haikuuliza kama gazeti lilitaja jina la mlipaji. Iliuliza kama msomaji alielezwa ni uhusiano gani uliopo. Kutaja jina na kutaja uhusiano ni mambo mawili, na nyingi ya lebo zetu zinatimiza la kwanza na kulikwepa la pili.

Ukali huo nao una madhara yake, na Wajerumani wenyewe wameyaonja. Baada ya kesi nyingi dhidi ya watu wa Instagram, wengi waliogopa kiasi cha kuweka neno la tangazo hata kwenye picha ya kiatu walichokinunua kwa fedha zao. Lebo ikawa kila mahali, na lebo iliyo kila mahali haimwambii msomaji chochote. Septemba 2021 mahakama ile ile ililazimika kutenganisha: aliyelipwa kuandika juu ya jamu ya raspiberi alitakiwa kutangaza, lakini kumtaja tu mtengenezaji kwenye picha bila malipo si lazima kuwe tangazo. Sheria iliyoanza kutumika Mei 2022 ikaongeza jambo la kukumbukwa na kila mwandishi: anayesifu bidhaa huchukuliwa kuwa amelipwa mpaka aonyeshe kuwa hakulipwa. Ndiyo maana mimi, nisiye Mjerumani, huhifadhi risiti ya kila kitu ninachokiandikia.

Wamarekani hawana neno moja la lazima. Tume yao ya Biashara huuliza msomaji wa kawaida amebaki na picha gani kichwani baada ya kusoma. Machi 2015 duka la nguo la Lord & Taylor liliwapa wanawake 50 wenye wafuasi wengi Instagram gauni moja kila mmoja, likawalipa kati ya dola 1,000 na 4,000, likawaruhusu walivae watakavyo. Mkataba uliwataka walitaje duka na waweke alama ya mkusanyo wa nguo zile, na duka lilipitia maandishi yao kabla hayajatoka. Mkataba haukuwataka waseme wamelipwa, na hakuna aliyesema. Jarida la Nylon nalo lilichapa makala ya kulipiwa kuhusu nguo hizo, yaliyopitiwa na duka, bila lebo. Picha ziliwafikia watu milioni 11.4 na gauni likaisha dukani. Mwaka uliofuata Tume iliifungulia kampuni mashtaka, na shauri likaishia kwa mapatano yanayoikataza kurudia.

Kinachoniuma katika kesi hiyo ni kwamba hakuna sentensi hata moja iliyohitaji kuwa ya uongo. Pengine wanawake wote 50 walilipenda gauni lile. Uongo ulikuwa katika ule wingi: mtu aliyeona gauni moja kwenye picha kumi wikiendi moja alidhani mji umelipenda. Ni matatu iliyojaa abiria wa kukodiwa.

Mwongozo wa Tume hiyo kwa wanaosifia bidhaa mitandaoni, wa mwaka 2019, una mashauri mawili yanayotuhusu moja kwa moja. La kwanza, "asante" iliyosimama peke yake haitoshi, na "balozi" peke yake haitoshi. La pili, ungamo liwe katika lugha ile ile ya sifa. Wapo kwetu wanaosifu mafuta ya nywele kwa Kiswahili kitamu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha wakachomeka #ad katikati ya alama kumi na tano za mwishoni. Dada anayesoma kule Tunduma au Bujumbura ameelewa sifa zote na hajaelewa ungamo.

Japani imepita njia nyingine kabisa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 matangazo yaliyojificha yamekatazwa huko, lakini sheria inamshika mwenye bidhaa na kumwacha mwandishi. Kuna mantiki ndani yake, kwa kuwa mwenye bidhaa ndiye mwenye fedha na mkataba. Ila inamwondolea abiria wa uongo sehemu yake ya hatia, na hapo nabaki na fiqhi.

Turudi kwenye maneno yetu, maana nadhani tatizo letu kubwa liko huko. Redio zimetulea na "kipindi hiki kinakujia kwa hisani ya". Hisani ni wema usiosubiri malipo. Ukimfanyia mtu hisani kisha ukamdai, haikuwa hisani. Kampuni iliyonunua dakika thelathini kwa bei ya orodha haijamfanyia msikilizaji hisani yoyote. Imefanya biashara, na haina haja ya kuona haya. "Imedhaminiwa na" ni zito zaidi. Mdhamini kwetu ni anayesimama mahakamani kumwekea mtu dhamana, na dhamana ya bidhaa ni ahadi kwamba ikiharibika utarudishiwa. Msomaji akikuta "makala haya yamedhaminiwa" anaweza kabisa kuelewa kwamba kuna mtu anayathibitisha kuwa ni kweli, kinyume cha tulichotaka kumwambia. "Kwa ushirikiano na" inawafanya mlipaji na mlipwaji kuwa sawasawa. "Balozi" inanusa heshima ya dola. Maneno haya yote manne yana adabu, na adabu hiyo ndiyo inayolificha jambo. Hoja za Wajerumani dhidi ya neno lao la Kiingereza zinayapata haya yote bila kubadilisha koma.

Neno tunalo, na kila mtoto wa shule analijua: tangazo. Jingine ni "makala ya kulipiwa". Mengine ni pambo.

Nasema haya nikijua nilikotoka. Katika miaka yangu ya kwanza ya uandishi nilialikwa hotelini kwenye uzinduzi wa mafuta ya kupikia. Tulisaini karatasi mlangoni, tukala, na wakati wa kutoka kila mmoja akapewa bahasha yenye shilingi 50,000 iliyoitwa nauli. Nauli yangu ya daladala siku ile ilikuwa shilingi 300. Niliandika maneno mia nne kwamba mafuta yale ni mepesi kwa moyo, kama tulivyoambiwa, na yakatoka kama habari. Wiki mbili baadaye mama mmoja mtaani kwetu, mgonjwa wa presha, alinionyesha dumu lake kwa furaha: amebadilisha mafuta kwa sababu gazeti limesema. Sikumwambia kitu. Ghana bahasha hiyo huitwa soli, kifupi cha mshikamano, na Nigeria huitwa kwa rangi yake ya kaki. Kila nchi imeitafutia jina la upole.

Sasa nieleze ninavyofanya leo, kwa kazi moja ya mwaka jana. Muuzaji wa majiko ya umeme ya presha alinitafuta, kwa kuwa naandika mambo ya upishi. Alitaka makala ya maneno 800, atoe shilingi 600,000 na jiko moja libaki kwangu. Nilikubali kwa mambo matatu yaliyoandikwa kwenye mkataba. Kwanza, neno "Tangazo" linakaa juu ya kichwa cha habari na linafuata makala popote yatakaponakiliwa, hata kipande chake kikitumwa kama picha. Pili, kampuni inasoma rasimu na inaweza kusahihisha mambo yanayothibitika, kama bei, ujazo, wati na muda wa dhamana, lakini haigusi sentensi zinazoeleza nilichokiona au ninachokifikiri. Tatu, nusu ya fedha inalipwa mwanzoni na nusu siku ya kukabidhi rasimu. Hailipwi siku ya kuridhika. Sharti la tatu ndilo linaloyalinda mengine yote, maana mwandishi anayesubiri fedha zake mpaka mteja afurahi ameshauza maoni yake, hata kama mkataba unasema ni yake.

Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta njia ya kupika maharage bila kumaliza gunia la mkaa." Niliifuta. Ilikuwa kweli kwamba nachoka na mkaa, lakini haikuwa kweli kwamba utafutaji huo ndio ulionifikisha kwenye jiko lile. Fedha ndizo zilizonifikisha. Sentensi za namna hiyo ni hatari kuliko sifa, kwa kuwa zinatunga chanzo. Badala yake, chini ya neno Tangazo niliandika: "Kampuni inayouza jiko hili imenilipa shilingi 600,000 na kunipa jiko ili niandike makala haya. Bila malipo hayo nisingeliandikia. Imesoma rasimu na kusahihisha bei na dhamana. Sehemu yenye kichwa 'Nilivyoliona' haikuigusa." Sentensi ya pili ndiyo iliyonichukua muda kuikubali. Wengi huandika "maoni ni yangu" na kuishia hapo. Maoni yanaweza kuwa yangu kweli, lakini uchaguzi wa kuzungumza juu ya jiko hili, nikayaacha mengine kumi yaliyoko Kariakoo, umenunuliwa, na msomaji anastahili kulijua hilo pia.

Baada ya hapo nilikata makala vipande viwili. Cha kwanza kilikuwa cha kampuni, na kila dai ndani yake lilibeba jina la mwenye dai: kampuni inasema, kampuni inadai. Walitaka niandike kwamba jiko linapunguza gharama za kupikia kwa asilimia 80. Niliomba kipimo chao. Hawakuwa nacho, dai lilikuwa limenakiliwa kutoka tangazo la nchi nyingine ambako hawapiki kwa mkaa. Dai likatoka. Dai lisilo na ushahidi halitakaswi kwa kuandikwa "kampuni inasema", na mwandishi anayelipitisha amekuwa mshirika wake.

Kipande cha pili kilikuwa changu. Nilipika maharage kilo moja yaliyolowekwa usiku kucha, nikasoma Luku kabla na baada, nikiwa nimezima friji na pasi: imeenda nusu uniti hivi. Nikapika makande, nikapika nyama ya ng'ombe yenye mifupa. Nikaandika kwamba yaliiva vizuri. Kwamba chapati na ugali bado vinahitaji jiko jingine. Kwamba mpira wa kifuniko ulishika harufu ya samaki na haikutoka kwa siku nne. Na kwamba umeme ulikatika mara moja katikati ya makande, ikanibidi nisubiri presha ishuke yenyewe ndipo nihamishie chakula kwenye mkaa.

Wiki iliyofuata kampuni ilirudisha rasimu. Ilikuwa imesahihisha bei, jambo ambalo ni haki yake, na imefuta sentensi ya umeme kukatika kwa maelezo kwamba hilo ni kosa la umeme na si la jiko. Nilirudia kifungu cha pili cha mkataba, nikawaeleza kuwa sentensi haisemi jiko lina kosa, inaeleza kilichompata mpishi wa Dar es Salaam. Niliwaambia pia kwamba wakitaka kujitoa nitarudisha nusu ya pili, shilingi 300,000, na jiko. Siku mbili kimya. Kisha wakakubali, ila wakaomba kuongeza katika sehemu yao kwamba jiko linatunza joto muda mrefu umeme ukikatika. Walikuwa na vipimo vya hilo, likaingia likiwa na jina lao.

Upo mpaka mmoja ambao mkataba hauandiki. Miezi mitatu baadaye jarida jingine liliniomba nilinganishe majiko matano ya presha, kwa hiari yangu, bila mlipaji. Nilikataa. Hata kama ningelipanga lile langu la tatu au la tano, jiko bado liko jikoni kwangu na fedha nimeshakula. Lebo inaeleza uhusiano. Haiufuti, na uhusiano hauishi siku makala yanapotoka.

Kampuni iliposambaza makala kwenye simu ilituma picha ya aya zangu nzuri tu, bila neno Tangazo. Nilimpigia kijana wao wa masoko, akaomba radhi, akaituma upya ikiwa na neno hilo juu kwa herufi kubwa. Picha hiyo ya pili ndiyo iliyomfikia shangazi yangu Tanga. Akanipigia.

"Mwanangu, hapa pameandikwa tangazo. Walikupa ngapi?"

"Laki sita, shangazi, na jiko."

"Haya. Na huo mpira unaonuka samaki, wanauuza peke yake? Shilingi ngapi?"

Sikuwa najua. Nilimwahidi kuwauliza.